Soneti ya mistari 14 kwa vina vya Kiswahili: mgeuko nauweka wapi?

Mshororo wa 9. Andika tarbia mbili, kisha tathlitha mbili. Vina vya tarbia zote visibadilike. Ukibadili kila ubeti, mgeuko hausikiki. Na kibwagizo kiache, kinarudisha wazo nyuma. Darasani kwetu Lindi ndicho kilichotuponza.

Mshororo wa 8:
Korosho tumekusanya, mnadani tunangoja

Wa 9:
Ila bei ikishuka, deni nitalipa vipi?

Mizani bado 16, vina vimehama.

Anayeweka mgeuko mshororo wa 13 hajakosea, ni mtindo wa Shekspia, ila mishororo miwili ya mwisho kwetu ni tathnia, finyu mno kwa mgeuko. Mwalimu wako huenda akaipenda hiyo.