Insidensi, prevalensi na uwiano wa hatari: mfano wa salfa ya mikorosho

Swali: "Wakuu, nasoma afya ya jamii hapa Mtwara, mtihani umekaribia. Insidensi na prevalensi zinanichanganya, na mwalimu alinikata maksi kwa kukokotoa RR kwenye utafiti wa kesi na kontroli. Kwa nini isifanyike?"

Mkuu, nimefanya kazi za takwimu za afya huku Kusini kwa muda na nasimamia wanafunzi wa vitendo. Hapo kwenye RR ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

Kwanza hizo mbili. Insidensi huhesabu wagonjwa wapya katika kipindi fulani, kati ya watu ambao mwanzoni hawakuwa na ugonjwa. Prevalensi huhesabu wote walio nao kwa wakati huo, wapya na wa zamani. Fikiria mabusha, ambayo Lindi na Mtwara tunayajua vizuri. Hata dawa za kingatiba zikipunguza sana maambukizi mapya, mzee aliyepata busha miaka kumi iliyopita bado analo mpaka afanyiwe upasuaji. Insidensi imeshuka, prevalensi bado iko juu. Kipindupindu ni kinyume chake: wapya wengi kwa wiki chache, lakini kila mmoja anapona au anafariki upesi, hivyo ukihesabu siku moja unakuta wachache. Muda wa kuugua ndio unaozitenganisha.

Sasa RR, yaani uwiano wa hatari wa makundi mawili, na mwenzake OR, yaani odds ratio: wagonjwa kugawanya kwa wasio wagonjwa wa kundi moja, kisha kugawanya kwa hesabu hiyohiyo ya kundi la pili. Namba hizi nimezitunga kwa ajili ya hesabu tu. Kabla ya msimu wa kupulizia salfa dhidi ya ubwiri unga, unaandikisha wakulima 412 wa korosho Newala. Kumi na wawili tayari wana kikohozi sugu, unawatoa, maana hawawezi kuwa wagonjwa wapya. Wanabaki 400: 200 wanapulizia bila barakoa, 200 hawapulizii kabisa. Unawafuatilia hadi msimu uishe. Kundi la kwanza wanaanza kukohoa 30, la pili 10.

```
              Kikohozi   Hawana   Jumla
Wanapulizia      30        170      200
Hawapulizii      10        190      200

RR = (30/200) / (10/200) = 15% / 5% = 3
OR = (30 x 190) / (10 x 170) = 3.35
```

Hii ni kohoti. Umeanza na salfa ukaenda mbele kuutafuta ugonjwa, na zile 200 ni watu halisi uliowafuatilia. Ndiyo maana 15% ina maana.

Kesi na kontroli huenda kinyumenyume. Unawachukua wale 40 wanaokohoa, kisha kati ya 360 wasiokohoa unachagua kontroli, halafu unauliza nani alipulizia. Ukichukua kontroli 72 zinazowakilisha wenzao, utapata 34 waliopulizia na 38 ambao hawakupulizia. Mwanafunzi anajumlisha 30 na 34, anapata 64, anasema hatari ni 30/64. Upande wa pili 10/48. "RR" yake inatoka 2.25. Mwenzake mwenye pesa kidogo anachukua kontroli 36, yaani 17 na 19, naye anapata 1.85. Wakulima ni walewale, kikohozi ni kilekile, ila jibu limebadilika kwa sababu ya idadi ya kontroli tu! Ile 64 si idadi ya watu waliokuwa katika hatari, ni matokeo ya uamuzi wa mtafiti.

Kokotoa OR sasa: (30 x 38)/(10 x 34) = 3.35. Kwa kontroli 36: (30 x 19)/(10 x 17) = 3.35. Haiyumbi, na ni ileile ya kohoti. Ugonjwa ukiwa adimu OR hukaribiana sana na RR. Hapa 10% ya wakulima wote waliugua, ndiyo maana imezidi 3 kidogo.

Wakikuuliza uchague muundo upi: ugonjwa adimu au unaochukua miaka kujitokeza, chagua kesi na kontroli, maana kohoti itakula pesa na watu watahama mashamba kabla hujamaliza. Kisababishi kikiwa adimu, au ukitaka insidensi yenyewe, chagua kohoti.

Chunga kontroli zinatoka wapi. Ukizichukua kliniki ya macho wakati wa kupulizia, wengi watakuwa wamefika kwa macho kuwashwa na salfa hiyohiyo. Waliopulizia watajaa kwenye kontroli, OR itashuka, na utasema salfa haina neno. Kumbukumbu nayo huvuta upande mwingine: anayekohoa ameshajiuliza sana chanzo, atakumbuka kila siku aliyoshika bomba, ila mzima atasahau.

Kwa hiyo mtihani ukisema "wagonjwa 40 na watu 72 wasio wagonjwa waliulizwa", hata swali likidai RR, andika OR, kisha ongeza sentensi moja kwamba idadi ya wagonjwa na ya wasio wagonjwa imepangwa na mtafiti na insidensi haipatikani.