Fungueni sanduku kabla ya kubonyeza kalkuleta

Jumapili nilikuwa barazani Shella, hapa Malindi, nikiwatazama makatibu wapya wa chama cha akiba na mikopo wakipiga hesabu ya mgao wa mwisho wa mwaka huku sanduku bado limefungwa. Niliuma ulimi. Leo nauachia.

1. Mihuri ya hisa kwenye vitabu vya wanachama ilinganishwe na leja kila mkutano, msingoje Desemba.

2. Mtu akirudisha mkopo, andikeni mafungu mawili: mkopo mbali, riba mbali. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoumbuka.

Mwaka wangu wa kwanza tulikuwa na hisa 1,200 za shilingi 200, yaani 240,000. Riba na faini zilifika 36,000. Jumla 276,000, ukigawa, kila hisa 230. Sasa, siku moja ya mvua, watu wameshavaa viatu, mwanachama akarudisha 13,200: mkopo 12,000, riba 1,200. Mimi nikazitia zote safu ya riba. Mwisho wa mwaka faida ya karatasini ikawa 48,000, na hisa ikasoma 240. Wakanipigia vigelegele, nami nikavimba.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa bibi mmoja muuza viazi karai, mwenye hisa 50, aliyewapisha wenzake kwa adabu zake. Alipofika, sandukuni hamna hata sumni. Akaniuliza polepole, "Mwanangu, zangu ziko wapi?" Nikaijumlisha leja mara nne, na mara zote nne ikakubali. Ingekataaje, na namba zote zimo, ila moja imekaa safu isiyo yake?

Wiki mbili nilipita mlango kwa mlango nikidai shilingi kumi kwa kila hisa, hisa 1,150, hadi nikatimiza 11,500 za bibi. Mvuvi mmoja niliyemdai 300 alinipa 200 na samaki. Mia iliyobaki nikatoa mfukoni. Yule samaki hakuwa hata wa kutosha mchuzi.

3. Kwa hiyo mikopo yote ikisharudi, wekeni mfuko wa jamii kando, mhesabu noti. Lazima zilingane na hisa, riba na faini. Siku ile noti zilikuwa 276,000 na karatasi yangu ilidai 288,000. Tofauti 12,000, ndio mkopo wenyewe! Tofauti ikitokea, itafuteni namba hiyo hiyo kwenye mikopo iliyotoka. Jibu lilikuwa sandukuni, mimi niko na kalkuleta.

4. Mwenye deni siku ya mgao, deni lake lijumlishwe na taslimu kwanza, mpate thamani ya hisa, ndipo akatwe kwenye zake. Mkimkata bila kulijumlisha, mnawapunja wote.

5. Asiyetaka riba kwa ajili ya dini aandikwe Januari. Si mbele ya foleni, jamani.

Yule bibi bado tunaye chamani. Siku ya mgao hufika wa kwanza, na kalkuleta yake mkobani.