Kabla ya kulipia PMP, hesabu miezi yako kwanza

"Nina diploma ya ujenzi, niko saiti mwaka wa sita sasa hapa Mombasa. Chuo kinachonifundisha kinasema nilipe mtihani wa PMP, kile cheti cha usimamizi wa miradi, kabla mwezi haujaisha. Ule mwongozo wa mtahiniwa ni mrefu, lazima niusome?"

Ndugu yangu, usome, na uanze na sehemu ya sifa za kuomba, maana kwa mwenye diploma ndipo wengi wanapokwama. Mimi niliufanya mtihani huu 2023, na takwimu ninazokupa ni za toleo nililosoma wakati huo. Wewe shusha mwongozo huo, PMP Handbook ya sasa, kwenye tovuti ya PMI wenyewe, wanaotoa cheti hiki, si nakala inayozunguka WhatsApp, kwa sababu masharti hubadilishwa.

Mwenye digrii ya miaka minne alitakiwa awe na miezi 36 ya kuongoza miradi. Mwenye diploma yetu hii, au cheti cha sekondari, alitakiwa awe na miezi 60. Yote iwe ndani ya miaka minane iliyotangulia ombi lako, na juu yake saa 35 za mafunzo ya usimamizi wa miradi. Hizo saa chuo chako kinaweza kukupa. Miezi hakuna wa kukupa.

Na miezi yenyewe haijumlishwi kienyeji. Miradi miwili ikienda kwa wakati mmoja, mwezi mmoja ni mwezi mmoja tu. Kuna mwenzangu, fundi sanifu mwenye diploma, tulikaa naye chini kuhesabu mwanzoni mwa 2023. Alikuwa na godauni la Miritini, Januari 2018 hadi Desemba 2019, miezi 24. Kisha fleti za Bamburi, Julai 2019 hadi Juni 2021, miezi 24 mingine. Halafu mitaro ya maji ya mvua, mwaka mzima wa 2022, miezi 12. Akajumlisha akapata 60 kamili, na kadi ya benki ilikuwa tayari mkononi. Tulipochora miezi kwenye karatasi, Julai hadi Desemba 2019 ilikuwa imehesabiwa mara mbili, Miritini na Bamburi. Alikuwa na 54. Akasubiri mradi ulioanza Februari, na mwisho wa Julai miezi yake ikatimia.

Tena iwe ni miezi ya kuongoza: kupanga kazi, kusimamia ratiba, bajeti na watu. Kutunza stoo ya saruji au kufanya matengenezo ya kila siku yasiyo na mwanzo wala mwisho hakuingii, hata kama ulikuwa saiti hiyo hiyo. Miaka yako sita ikitimia ni miezi 72, lakini iliyo ya kuongoza ni mingapi? Hilo chuo hakilijui, unalijua wewe.

Kitu kingine, maombi huchaguliwa bila mpangilio kwa ukaguzi. Ukichaguliwa unapewa siku 90 kuleta vyeti na uthibitisho wa waliokusimamia. Kwa hapa kwetu, ambapo msimamizi wa mwaka juzi huenda yuko Doha, tafuta namba na barua pepe zao mapema.

Sasa pesa. Ombi likikubaliwa unapata mwaka mmoja, na ndani yake unaruhusiwa kufanya mtihani mara tatu. Ukianguka, kurudia kulikuwa dola 275 kwa mwanachama wa PMI na 375 kwa asiye mwanachama, kila mara. Ukianguka mara ya tatu, unangoja mwaka mzima ndipo uombe upya. Kwa hiyo ukiweka jaribio la kwanza mwezi wa kumi na moja wa mwaka huo uliopewa, hata kama unazo nafasi tatu kwenye karatasi, muda wa kujiandaa tena huna. Mimi ningeweka la kwanza mapema, ndani ya miezi minne au mitano.

Kubadilisha tarehe nako kuna mpaka wake. Zikibaki zaidi ya siku 30 hulipi kitu. Ndani ya siku 30 ilikuwa dola 70. Ndani ya saa 48 za mwisho, ada yote inakwenda, na ukitaka kukaa tena unalipa ya kurudia. Chukua mtihani wa Juni 20: ukihamisha Mei 18 uko salama, ukihamisha Juni 5 utatoa dola 70, ukighairi Juni 19 umepoteza ada. Kwa hiyo tazama kalenda ya Idi na ya kumimina zege kabla ya kuchagua siku, na kama unapanga kwenda kituo cha Nairobi, usikate tiketi ya treni kwanza.

Andika hapa miradi yako, mwezi wa kuanza na wa kumaliza, pamoja na ulichokuwa ukifanya katika kila mmoja. Nitaipanga kwa kalenda nikuambie imefika ngapi.