Lebo ya amoksilini ya mtoto: andika siku ya mwisho, achana na 5/7

Haya nawaandikia ninyi mnaoanza kusimama dirishani, iwe duka la dawa muhimu pale Mwandiga, zahanati ya kule Ilagala au famasi ya mjini Kigoma. Nitashika jambo moja tu: maneno unayoandika kwenye chupa ya antibayotiki ya maji kabla hujamkabidhi mama. Dozi imekwishaamuliwa na aliyeandika cheti. Ila itakayomfikia mtoto ni ile ambayo mlezi ameielewa, na mara nyingi mlezi huyo si yule aliyesimama mbele yako. Mama anayeuza dagaa Kibirizi hutoka alfajiri na mtoto hubaki na bibi. Bibi hakukusikia ukieleza. Yeye ana chupa tu.

Tuchukue mtoto mmoja. Ana kilo 9, sikio linauma na limeanza kutoa usaha juzi. Cheti kinasema amoksilini miligramu 250, bd, 5/7. Hilo linaendana na jedwali la IMCI, mwongozo wa kutibu watoto wagonjwa, ambalo mtoto wa kilo 4 hadi chini ya kilo 10 humpa miligramu 250 mara mbili kwa siku, kwa siku 5. Kama vidonge vya kuyeyuka kwenye maji vipo na mama anavikubali, mpe hivyo, nusu ya shida nitakazozitaja haitakuwepo. Leo tuseme vimekwisha, na kilichopo ni chupa za unga wa kuchanganya.

Angalia rafu yako kwanza. Chupa ya ml 100 huja kwa nguvu mbili: miligramu 125 katika ml 5, na miligramu 250 katika ml 5. Maboksi hufanana sana. Ukichukua ya 125, mtoto huyu anahitaji ml 10 kila mara. Mara mbili kwa siku, siku 5, inakuja ml 100 kamili. Kwenye karatasi ni hesabu safi. Nyumbani, mtoto atatema kidogo, kijiko kitamwagika kidogo, dawa nyingine itaganda kwenye kuta za chupa, na dozi ya mwisho itakuwa pungufu. Ukichukua ya 250, unampa ml 5, jumla ml 50, na chupa inabaki nusu. Mimi ningempa hii ya pili. Kupima ml 5 ni rahisi kuliko ml 10, na kikimwagika kidogo kuna akiba. Lakini ile nusu inayobaki ndiyo inayoleta balaa la pili.

Wengi wetu tumezoea kuandika "maliza dawa yote". Kwa vidonge vilivyohesabiwa ndani ya bahasha, maneno hayo yanatosha. Kwa chupa hii yanapotosha. Mama mtiifu akiyafuata, atampa mtoto dawa kwa siku 10, na siku tatu za mwisho atakuwa anampa dawa iliyopita muda, kwa sababu amoksilini nyingi za maji hutakiwa kutumika ndani ya siku 7 tangu kuchanganywa (soma boksi lako, baadhi zina muda tofauti). Mama mwingine, asiye mtiifu hivyo, ataona homa imeshuka siku ya tatu, chupa bado imejaa zaidi ya nusu, ataiweka juu ya kabati akimngojea mdogo wake naye augue. Wote wawili walisoma lebo ileile.

Kwa hiyo usimwambie amalize chupa. Mwambie siku na saa ya dozi ya mwisho. Hesabu mwenyewe, usimwachie. Tuseme ni Jumatatu tarehe 3, saa tisa alasiri. Dozi ni 10. Ya kwanza leo jioni, kisha mbili Jumanne, mbili Jumatano, mbili Alhamisi, mbili Ijumaa. Hizo ni tisa. Ya kumi ni Jumamosi tarehe 8 asubuhi. Anayehesabu siku 5 kwa vidole kuanzia leo ataacha Ijumaa jioni akiwa ametoa dozi 9. Lebo yako isomeke hivi:

Mtoto: (jina), kilo 9
AMOKSILINI YA MAJI, miligramu 250 katika ml 5
TIKISA CHUPA kila mara kabla ya kupima.
Mpe ml 5 (tano) ASUBUHI saa 1 na ml 5 (tano) JIONI saa 1, kwa bomba tulilokupa.
Anza LEO Jumatatu tarehe 3, jioni.
Dozi ya MWISHO: Jumamosi tarehe 8, asubuhi, hata akipona kabla.
Dawa itabaki. Usiitunze, irudishe hapa.

Hakuna 5/7. Kwetu ni siku tano. Kwa bibi ni sehemu ya namba za hesabu, au tarehe tano ya mwezi wa saba. Hakuna bd wala 1x2. Kuna mtu atauliza mbona sijaandika tarehe ya kuharibika kwa dawa baada ya kuchanganywa. Kwa mtoto huyu sioni haja: matibabu yanaisha Jumamosi, dawa inaharibika Jumatatu inayofuata. Ukimwekea mlezi tarehe mbili, atashika ile ya mbali. Andika tarehe ya kuchanganya pembeni, kwa ajili yako na mwenzako wa zamu, basi.

Saa nazo zina mtego. "Kila baada ya saa 12" mara nyingi hupita salama, maana atakayeelewa vibaya atampa saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na itakuwa sawa. Bahati hiyo huisha kwenye dawa ya mara tatu. "Kila saa 8" hueleweka kabisa kuwa ni saa nane mchana, na mtoto anapata dozi moja kwa siku. Taja vipindi vya siku kwa majina: asubuhi, mchana, usiku, kisha weka saa ya Kiswahili ambayo nyumba ile inaifahamu. Muulize mama anatoka saa ngapi. Kama anaondoka saa kumi na moja alfajiri na anataka kumpa mwenyewe, andika saa 11 alfajiri na saa 11 jioni. Dawa haijali, mradi nafasi kati ya dozi na dozi inakaribiana.

Sasa kipimo. Neno "kijiko" lisionekane kwenye lebo yako peke yake. Vijiko vya chai vya majumbani havilingani, kimoja huchukua ml 3 na kingine hupita ml 6, na ukiandika kijiko, kuna nyumba kitakachoshikwa ni kile cha kulia wali. Toa bomba lisilo na sindano, la ml 5 au la ml 10, na piga mstari kwa kalamu ya wino usiofutika pale pistoni inapotakiwa kusimama. Kama bomba hakuna na boksi lina kijiko cha plastiki au kifuniko chenye alama, mwonyeshe alama yenyewe. Vingi vina alama mbili, ya ml 2.5 na ya ml 5. Dozi ikiwa ya nusu, andika "ml 2.5 (mbili na nusu)" kwa namba na maneno, kwa sababu nukta ya kalamu hufutika na 25 ikabaki. Miligramu ziache kwenye mstari wa jina la dawa. Zikikaa karibu na "mpe", kuna siku mtu atatafuta 250 kwenye bomba.

Kuchanganya fanya mwenyewe dirishani, kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Gonga chupa unga ulegee, weka maji kama nusu, funga, tikisa mpaka pasiwe na bonge chini, halafu ongeza polepole hadi mstari. Povu likituama utaona kimiminika kimeshuka chini ya mstari, ongeza tena. Ukimwachia mama, atajaza hadi shingoni, maana chupa ya kawaida hujazwa hadi shingoni, na kila ml 5 itakuwa na dawa pungufu. Na mweleze sababu ya kutikisa: unga hutuama, kwa hiyo asiyetikisa hutoa dawa nyepesi siku za mwanzo na nzito mwishoni.

Bandika lebo kwenye chupa. Boksi litakuwa kichezeo cha mtoto kabla ya jioni. Usifunike tarehe ya kuisha muda wala namba ya toleo. Tumia kalamu ya kawaida, kisha pitisha seloteipu juu, kwa sababu ukimshauri aiweke mahali pa baridi, nyumba isiyo na friji huisimamisha kwenye beseni la maji, na lebo isiyo na seloteipu hurudi ikiwa nyeupe.

Kabla hajaondoka, usimwulize kama ameelewa, maana jibu ni ndiyo siku zote. Mpe bomba na chupa. "Mama, nivutie kiasi utakachompa leo jioni." Ukiona anasimamisha pistoni kwenye ml 1, au anageuza chupa bila kuitikisa, umejua pa kurekebisha. Kisha: "Na bibi atajuaje siku ya kuacha?" Anayekuonyesha kidole kwenye mstari wa Jumamosi amekuelewa. Asiyesoma, mchoree visanduku 10 kwenye kipande cha karatasi, akate kimoja kila anapompa. Mwambie pia kwamba mtoto akitapika ndani ya nusu saa baada ya dozi, amrudishie dozi ileile. Akishindwa kunywa au kunyonya, au hali ikizidi, asingoje Jumamosi.

Kuna vyeti vinavyozidi chupa moja. Mtoto wa ml 10 mara mbili kwa siku 7 anahitaji ml 140. Hapa usichanganye chupa zote mbili leo. Ya pili andika "CHUPA YA 2, usichanganye bado", na mwambie airudishe uichanganye ya kwanza inapokaribia kwisha, yaani siku ya tano. Anayepanda boti kwenda Kagunga hawezi kurudi, huyo mpigie mstari mzito wa kalamu kwenye chupa ya pili pale maji yanapoishia, na ile ya kwanza ichanganye mbele yake aone kwa macho yake. Tarehe ya mwisho iandikwe kwenye chupa zote mbili, na iwe ileile, la sivyo chupa ya kwanza ikiisha atadhani matibabu yameisha.

Mlezi akirudi baada ya siku tatu kwa sababu yoyote, iombe chupa uitazame. Kwa mtoto wetu wa kilo 9, baada ya dozi 6 inatakiwa ibaki karibu ml 70. Ikiwa imebaki 40, kijiko cha wali kimeingia kazini. Ikiwa imebaki 85, kuna dozi zimerukwa, mara nyingi zile za jioni, na hapo muulize nani hubaki na mtoto jua likizama.