Mapato ya Machi yamebadilika Juni: kiwango cha siku gani kitumike?

*Swali: Habari za kazi. Tunauza mtandaoni kwa dola, euro na yeni, na ripoti zetu ni za dola. Mapato ya Machi niliyoyatoa mwanzoni mwa Aprili yalikuwa 11,440. Juni bosi ameomba ripoti ileile, imetoka 11,800. Nimekagua oda moja moja, hakuna iliyoguswa. Kwiri yangu inazidisha kiasi cha oda kwa kiwango kilichomo kwenye jedwali la sarafu. Nimekosea wapi, na kiwango sahihi ni cha siku gani?*

Salama kabisa. Karibu nina hakika kwamba jedwali lako la sarafu lina mstari mmoja tu kwa kila sarafu, na kiwango kipya kinapokuja kinaandikwa juu ya kile cha zamani. Ulipotoa ripoti Aprili, oda za Machi zilipigwa kwa kiwango cha Aprili. Ulipoitoa Juni, zikapigwa kwa cha Juni. Kwa hiyo hata ile 11,440 usiichukue kuwa ndiyo sahihi. Nayo ilitegemea siku uliyobonyeza kitufe.

Kabla ya kurekebisha chochote, thibitisha kwanza. Jumlisha oda za Machi kwa sarafu zake zenyewe bila kubadilisha kitu, kisha linganisha na jumla za aina hiyohiyo kutoka kwenye nakala ya data ya Aprili. Tuseme zote mbili zinatoa dola 4,000, euro 5,000 na yeni 300,000. Oda ni zilezile, basi kilichosogea ni viwango. Kwa viwango vya mfano, euro ikiwa 1.08 na yeni 0.0068, unapata 4,000 + 5,400 + 2,040, yaani 11,440. Euro ikipanda hadi 1.14 na yeni hadi 0.0070, unapata 4,000 + 5,700 + 2,100, yaani 11,800. Katika ongezeko la 360, dola 300 zimeletwa na euro na 60 na yeni. Hakuna mteja aliyenunua hata kitu kimoja zaidi.

Sasa, kiwango cha siku gani? Hapa watu wengi hudhani oda ina tarehe moja. Inazo tatu: siku iliyowekwa, siku iliyolipwa, na siku mzigo ulipomfikia mteja. Ninyi mkifuata viwango vya kimataifa vya uhasibu, IAS 21 inataka kiwango cha siku ya muamala, na mapato yenyewe huandikwa pale mteja anapokabidhiwa bidhaa. Lakini mteja akilipa kabla, tafsiri ya IFRIC 22 inasema kiwango ni cha siku mlipopokea malipo hayo ya awali. Ndiyo maana mwezi wa mapato na kiwango chake vinaweza kutoka kwenye tarehe mbili tofauti.

Chukua oda ya euro 1,000. Mteja amelipa tarehe 29 Machi, kiwango kikiwa 1.08, na amepokea mzigo tarehe 2 Aprili, kiwango kikiwa 1.10. Hayo ni mapato ya Aprili, ila thamani yake ni dola 1,080, si 1,100. Oda hiyohiyo ingekuwa ya mkopo, mapato yangekuwa 1,100 kwa kiwango cha siku ya kukabidhi. Akilipa baadaye kiwango kikiwa 1.12, zile dola 20 zilizozidi zinaingia kwenye faida ya kubadilisha fedha. Zisiingie kwenye mauzo.

Duka la mtandaoni kwa kawaida hulipwa kabla, kwa hiyo kwa hali yako ningetumia tarehe ya malipo kwa kiwango na tarehe ya kukabidhi kwa mwezi. Hata hivyo mwulize mhasibu wenu, kwa sababu IAS 21 inaruhusu pia wastani wa wiki au wa mwezi iwapo viwango havikuyumba sana, na pengine ndicho anachotumia. Uamuzi wake ukishatoka, uandikwe na ufuatwe kwa oda zote.

Upande wa hifadhidata, weka jedwali la `viwango` lenye mstari mmoja kwa kila sarafu kwa kila tarehe, na usifute wala kuandika juu ya mstari wa zamani. Kisha tafuta kiwango hivi (hii ni PostgreSQL):

```sql
SELECT o.id, o.kiasi, o.sarafu,
       r.tarehe AS tarehe_kiwango, r.kiwango,
       ROUND(o.kiasi * r.kiwango, 2) AS kiasi_usd
FROM oda o
LEFT JOIN LATERAL (
  SELECT tarehe, kiwango
  FROM viwango
  WHERE sarafu = o.sarafu
    AND tarehe <= o.tarehe_malipo
  ORDER BY tarehe DESC
  LIMIT 1
) r ON true;
```

Alama ya `<=` hapo ina sababu yake. Benki Kuu ya Ulaya, kwa mfano, hutoa viwango vyake siku za kazi tu, kwa hiyo Jumamosi na Jumapili hazimo. Ukiunganisha kwa tarehe zilizo sawasawa kwa `JOIN` ya kawaida, oda za wikendi zinatoweka kimyakimya na hakuna kosa linalotokea kwenye skrini. Mimi niliwahi kukabidhi ripoti yenye pengo hilo, na kilichonishtua ni grafu ya mauzo ya kila siku iliyoanguka hadi sifuri kila baada ya siku tano. Tangu hapo nahesabu mistari ya oda kabla na baada ya kuunganisha, na `LEFT JOIN` inaniachia `NULL` ninayoweza kuiona. Usisahau kuweka USD yenye kiwango 1 ndani ya jedwali, la sivyo oda zako za dola ndizo zitakazobaki tupu. Weka pia ukaguzi: `tarehe_kiwango` ikiwa nyuma ya malipo kwa zaidi ya siku tano hivi, kuna uwezekano mkubwa upakuaji wa viwango umekwama.

Matokeo ya kwiri hiyo yahifadhi kwenye oda yenyewe malipo yanapoingia: kiasi cha asili, sarafu, kiwango, tarehe ya kiwango na kiasi cha dola. Ripoti isome safu ya dola iliyohifadhiwa, isikokotoe upya. Tumia aina ya `NUMERIC`, si `FLOAT`.

Linabaki la kurudisha fedha, nalo ndilo linaloharibu takwimu hata pale mengine yote yako sawa. Oda ya euro 1,000 iliuzwa kwa 1.08, kisha ikarudishwa yote kiwango kikiwa 1.14. Ukipiga marejesho kwa kiwango cha siku yake, unatoa 1,140 kwenye mauzo ya 1,080, na oda iliyofutika inakuachia mapato ya hasi 60. Kila rejesho libebe namba ya oda yake na lirithi kiwango chake cha 1.08, ili mauzo yarudi sifuri. Zile dola 60 ni hasara ya kubadilisha fedha, na zina akaunti yake.

Kwa Machi iliyokwisha pita, pakua viwango vya kihistoria kuanzia siku chache kabla ya malipo ya kwanza, jaza oda zote kwa kwiri hiyo, kisha mpelekee bosi jumla mpya pamoja na ile 11,440 ya zamani na tofauti kwa kila sarafu. Huenda haitalingana na ripoti yoyote kati ya zile mbili, ila ukiitoa tena Desemba utapata namba ileile.