Shilingi 10,200 Zangu na Cheti Kilichopungukiwa

Wiki iliyopita nilimwambia msomaji mmoja kwamba KRA wamenirudishia 10,200 za bima ya afya, na tangu hapo simu yangu haijapumzika. Mmoja ameniandikia hivi: "Dada, mimi nalipia familia bima kila mwaka na sijawahi kuona hata ndururu ikirudi. Hao KRA wako ni wa nchi gani?" Ni wa nchi hii hii. Keti nikueleze, maana hizo pesa zimenitoa jasho.

Mimi ni karani katika shule ya binafsi hapa Nakuru. Mwajiri wangu hana bima ya matibabu kwa wafanyakazi, kwa hiyo nilijinunulia mwenyewe, mimi, baba watoto na watoto wawili. Bei ilikuwa 68,000 kwa mwaka, nikakubaliana na wakala nilipe mara nne, 17,000 kila awamu: Machi, Juni, Septemba na Novemba 2024. Awamu ya kwanza ilikuwa na 346 juu yake, stempu na tozo ndogo ndogo. Nililipa zote kwa M-Pesa, na meseji sikuzifuta. Hilo ndilo jambo la busara nililofanya mwaka ule, na nilifanya kwa bahati tu.

Sheria ya kodi ya mapato inampa mkaazi wa Kenya punguzo la asilimia 15 ya alicholipia bima yake, ya mwenzi wake au ya mtoto wake, lakini lisizidi 5,000 kwa mwezi, yaani 60,000 kwa mwaka. Bima ya afya imo, mradi iwe ilianza tarehe 1 Januari 2007 au baadaye. Watu wengi hapa ndipo wanapokosea: asilimia 15 haiondolewi kwenye mshahara, inaondolewa kwenye kodi yenyewe. Yangu ni 68,000 mara asilimia 15, sawa na 10,200, shilingi kwa shilingi. Ukitaka kufikia kikomo cha 60,000 lazima uwe unalipa bima ya 400,000 kwa mwaka. Kama ni wewe, hongera, nikaribishe chai.

Ningekuwa nimempelekea mhasibu wa shule cheti mapema, angenipunguzia 850 kila mwezi kwenye PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara, mambo yaishe. Sikujua. Na yeye, Mungu amsamehe, miaka yote sita hajawahi kuuliza kama kuna mtu ana bima. Kwenye P9 yangu ya 2024, ile fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi ya mwaka mzima, safu ya punguzo la bima ilikuwa sufuri tupu kuanzia Januari hadi Desemba.

Basi Mei 2025 nikafungua iTax kujaza ritani. Kwenye ukurasa wa kwanza wa fomu kuna swali kama una bima. Miaka iliyotangulia nilikuwa najibu hapana ili nimalize haraka. Ukijibu ndiyo, inafunguka karatasi L, nayo inataka PIN ya kampuni ya bima, jina lake, aina ya bima, nambari ya mkataba wa bima, ni ya nani, tarehe ilipoanza na kiasi ulicholipa. Nikajaza PIN ya wakala, kwa sababu risiti alinipa yeye. Kiasi nikaweka 68,346, kwa sababu ndizo zilizotoka kwenye simu yangu. Makosa mawili kwenye mstari mmoja, nikabonyeza kutuma nikajiona profesa.

Nilipoomba marejesho, afisa aliyeshika faili langu akataka P9 na cheti cha bima. Nikampelekea risiti nne na kadi za hospitali. Akanijibu kwa upole kwamba risiti inaonyesha pesa zimetoka, lakini cheti ndicho kinachosema zimelipia nini, ya nani, mwaka gani. Cheti hicho hutoka kwa kampuni ya bima yenyewe. Kiwe na jina lako, PIN yako, nambari ya mkataba wa bima, tarehe ya kuanza, na malipo yaliyopokelewa kuanzia Januari hadi Desemba ya mwaka unaodai.

Kilipokuja, kikasema nimelipa 51,000.

Nilikisoma mara tatu nikiwa nimesimama kwenye foleni ya matatu. Awamu moja nzima haipo. Kumbe 17,000 nilizotuma tarehe 28 Novemba wakala alikaa nazo, akazipeleka kwa kampuni Januari, nao wakaziandika kwenye mwaka mpya. Kwa cheti kile ningepata 7,650, na 2,550 zangu zingeenda na maji. Nilimpigia wakala akaniambia, "Mama, hiyo ni tofauti ndogo." Ndogo kwa nani? Bado inaniuma, na sitajifanya haiumi.

Nilienda mwenyewe kwenye ofisi ya kampuni na ile meseji ya M-Pesa iliyochapishwa, yenye tarehe na nambari ya muamala, pamoja na risiti ya wakala. Ilichukua wiki tatu. Cheti kipya kikasoma 68,000. Zile 346 hazimo, kwa sababu stempu na tozo si bei ya bima. Nikarekebisha ritani kwenye iTax, nikaweka PIN ya kampuni badala ya ya wakala, na mstari wa mwisho ukaonyesha 10,200 za kurudishwa.

Sasa nyinyi mnaosema "mimi nalipiwa na kazini" nisikilizeni vizuri. Bima ya kikundi anayolipa mwajiri bila kukukata na bila kukutoza kodi juu yake haikupi punguzo. Hukuilipa wewe. Ila kama mwajiri analipa na malipo hayo yanahesabiwa kwenye mapato yako na kukatwa kodi, hapo unayo haki. Angalia P9, usiulize jirani.

Na kama mhasibu wako alishakupa punguzo kila mwezi, bado lazima ujaze karatasi L. Mwalimu mmoja wa kwetu aliona P9 yake iko sawa, akaiacha L wazi, na mfumo ukamwambia anadaiwa karibu elfu tisa. Hakuwa anadaiwa chochote. Mfumo haukujua ana bima kwa sababu hakuuambia.

Kuhusu SHIF, ule mchango wa bima ya afya ya serikali uliochukua nafasi ya NHIF, tafadhali msiiweke kwenye L. Enzi za NHIF, kuanzia 2022, mchango ulikuwa unapewa hiyo asilimia 15. Tangu tarehe 27 Desemba 2024 ile asilimia 2.75 ya SHIF inaondolewa kwenye mshahara kabla ya kodi kupigwa. Mwenye mshahara wa 60,000 anakatwa 1,650, na kodi yake inapungua 495. Mhasibu anamaliza hilo kwenye mishahara. Wewe hakikisha tu kwenye P9.

Msomaji wangu wa "nchi gani", miaka yako ya nyuma haijapotea yote. Ritani hurekebishwa na marejesho huombwa ndani ya miaka 5. Mimi mwenyewe nimeanza ya 2023, ingawa kampuni niliyokuwa nayo mwaka ule ni nyingine na nimeandika barua mbili kuomba cheti.

Kwa bima ya sasa, nilimwambia wakala ninataka cheti kila Januari kabla shule hazijafunguliwa vizuri. Mwaka huu alileta bila kukumbushwa. Malipo yako sawa, tarehe ziko sawa. PIN yangu imekosa herufi ya mwisho. Nimemrudishia.