Seli shina, tawi na shina: kwa munaoanza fildi maabara

Jamani nyie mulioanza fildi mwezi huu, hili somo la seli shina nilifeli mimi mwenyewe nikiwa na wiki ya pili tu kazini hapa Pemba, kwa hiyo nalisimulia kwa kosa langu ndo litawaingia.

Seli shina ni seli yenye mambo mawili kwa pamoja. Inajigawa ikabakisha nyengine kama yenyewe, na inazaa seli ambazo zitageuka kuwa kitu chengine. Likikosekana moja kati ya hayo basi hiyo si seli shina. Zile za kiinitete cha siku chache zinaweza kuwa takriban tishu yoyote, neva, misuli, ini, ngozi. Lakini za mtu aliyekwishazaliwa kila moja ina mtaa wake, ya utumbo inatoa utumbo, ya ngozi inatoa ngozi, na ile tunayokutana nayo sisi, ya damu, inatoa damu. Haigeuki figo wala ubongo. (Ndo maana hivi vidonge vya "seli shina" vinavyouzwa kwenye simu kutibu kila kitu mie siviamini, seli hai utaikausha vipi uitie kwenye kapsuli?)

Hii ya damu inakaa ndani ya uboho wa mfupa na ni adimu, kwenye chembe elfu kumi za uboho pengine utapata moja, tena kwenye darubini huitambui kwa sura, inafanana na limfosaiti ndogo. Ilijulikana kwa kazi yake. Mwaka 1961 kule Toronto, Till na McCulloch waliwapiga panya mionzi mpaka uboho ukafa, wakawadunga uboho wa panya wazima, baada ya siku kama kumi wakakuta vinundu kwenye bandama, na baadae ikathibitika kila kinundu kimetoka kwenye seli moja tu, na ndani ya kinundu hichohicho mna chembe nyekundu, nyeupe, na zile seli kubwa zinazomeguka kuwa chembe sahani.

Sasa fikirini mkarafuu. Shina moja, matawi mengi, na kwenye tawi kuna vitawi ambavyo vimeshaamua, vya chembe nyekundu ni vya nyekundu tu, havirudi nyuma. Ukikauka kwenye shina unakauka wote, likikatika tawi moja mengine yanaendelea kuzaa.

Mimi nililisahau hili. Akaletwa mtoto wa selimundu, mweupe viganjani kama karatasi, himoglobini yake ya kawaida ni 7.5 na siku hiyo mashine ikatoa 4.0. Nikapaka slaidi ya retikulosaiti, yaani chembe nyekundu changa zilizotoka ubohoni siku hizi mbili tatu, nikahesabu seli elfu moja nikapata moja tu, wakati mtoto wa selimundu kwa kawaida unamkuta na kumi kwa mia au zaidi. Nikamwambia bi mkubwa wetu wa zamu, "Bi, uboho wa huyu umekufa." Akaniambia, "Mwanangu, umesoma mstari mmoja. Hebu soma na nyeupe na sahani."

Nyeupe 9, sahani 310. Nzima kabisa! Shina lingekufa na hizo zingeshuka, tena neutrofili na sahani zingetangulia maana neutrofili haimalizi siku nyingi na sahani inaishi wiki hivi au siku kumi. Kwa hiyo shina lipo, lililopigwa ni tawi la nyekundu, na kwa mtoto wa selimundu mshukiwa wa mwanzo ni kirusi cha parvo B19, ambacho kinaingia hasa kwenye seli changa za tawi hilo na kuziua.

Nikauliza mbona mtu mwengine akipata kirusi hicho hata hajui? Akanipigia hesabu kwenye kipande cha boksi la glavu. Chembe nyekundu ya kawaida inaishi siku 120, uzalishaji ukisimama wiki moja unapoteza 7 katika 120, hata huhisi. Ya selimundu inaishi siku 10 mpaka 20, chukua 15, wiki moja umepoteza 7 katika 15, karibu nusu, na 7.5 ukitoa karibu nusu ndo hiyo 4.0 ya mashine.

Daktari akamuongezea damu, sisi tukawa tunapima retikulosaiti kila siku ya pili. Siku ya tisa nikahesabu tena seli elfu, nikakuta 140, nikarudia slaidi nyengine kwa kujishuku, 136. Bi mkubwa akachungulia, akasema "tawi limechipua", akaenda zake kunywa chai.